Umewapa dawa ya minyoo na macho bado meupe: dawa imekataa ama kuna kitu kingine?

Niko Rongai, upande wa Nakuru, nafuga mbuzi na kondoo wachache, na swali ambalo naulizwa sana mvua ya Aprili na Mei ikishika ni hili moja: "nimewapa dawa wiki mbili zilizopita, mbona mbuzi bado anadhoofika?" Mtu akishauliza hivyo huwa tayari ana chupa ya pili mkononi. Naomba uiweke chini kidogo, kwa sababu hapo ndipo wengi wetu tunaifundisha minyoo kuzoea dawa. Tuanze na dalili moja moja, tuone kila moja inatoka wapi.

Kwanza ujue adui ni nani, maana mambo mengine yote yanafuata hapo. Minyoo inayoua mbuzi na kondoo wetu kwa wingi wakati wa mvua ni ile inayokaa tumbo la nne na kunyonya damu, wataalamu wanaiita hemonkasi. Mmoja ananyonya damu kidogo sana, kama sehemu ya ishirini ya mililita kwa siku, lakini mnyama akiwa na elfu moja hiyo ni mililita 50 kila siku, na kondoo mdogo hana damu ya kumwaga hivyo. Jike mmoja anataga mayai elfu tano hadi elfu kumi kwa siku. Mayai yanatoka na mavi, na kukiwa na joto na unyevu ndani ya wiki moja hivi yashakuwa viluwiluwi vimepanda kwenye nyasi vinangoja kuliwa. Kutoka kuliwa mpaka kuanza kutaga ni kama wiki tatu tu. Hiyo hesabu ya wiki tatu ikae kichwani.

Dalili ya kwanza: umewapa dawa, siku kumi zimepita, jicho bado jeupe

Hii ndio ilinipata mimi, na nitaieleza yote.

Nilikuwa na mbuzi mmoja mkubwa, hereni namba 17. Nikamvuta kope la chini nikaona ndani ni nyeupe kabisa, rangi ya karatasi, na chini ya taya kumevimba kama amebeba kifuko cha maji. Hicho kifuko ni dalili kwamba damu imepungua sana mpaka maji yanavuja kwenye nyama, mnyama akifika hapo usingoje. Nikawapa dawa wote, 24, albendazoli ya asilimia 2.5, kila mmoja kile bomba lilikuwa limesetiwa, mililita 6. Baada ya siku kumi namba 17 bado jicho ni jeupe na wengine wawili wameongezeka. Nikasema dawa ni feki.

Daktari wa mifugo alipokuja hakutazama hata chupa. Aliniambia, "Mzee, hebu nipe hilo bomba na kikombe cha kupimia." Akapiga mara kumi ndani ya kikombe, inafaa kutoka mililita 60, zikatoka 50. Yaani kila mara nilidhani natoa 6 ilikuwa inatoka 5, raba ya ndani imechakaa. Alafu akauliza namba 17 ana kilo ngapi, nikasema thelathini. Tukamning'iniza kwa mizani ile ya kupimia magunia, kilo 41.

Sasa piga hesabu na mimi pole pole. Dawa ya asilimia 2.5 ina miligramu 25 kwa kila mililita. Mililita 5 ni miligramu 125. Dozi ya kondoo ni miligramu 5 kwa kilo, lakini mwili wa mbuzi unaivunja dawa ya familia hii haraka kuliko wa kondoo, ndio maana mbuzi anahitaji kama mara mbili, miligramu 10 kwa kilo. Kwa kilo 41 hiyo ni miligramu 410, yaani mililita 16 na kitu. Mimi nilimpa 5. Hata theluthi haikufika! Dawa kidogo namna hiyo inaua minyoo minyonge na kuwaacha wale wagumu, na hao wagumu ndio wanabaki kuzaana peke yao. (Hiyo dozi ya mbuzi mara nyingi haijaandikwa kwenye chupa, kwa hivyo iamuliwe na daktari, pia akwambie siku za kusubiri kabla ya maziwa na nyama. Na albendazoli usimpe mnyama mwenye mimba changa, mwezi wa kwanza.)

Kwa hivyo kabla ya kulaumu dawa, angalia hivi: bomba linatoa kile linasema? Kilo umepima ama umekisia? Asilimia kwenye chupa ni 2.5 ama 10, kwa sababu zinauzwa zote mbili na mililita zake si sawa kabisa. Dawa iliwekwa nyuma ya ulimi ama mbele ya mdomo? Ukiweka mbele mnyama anaweza kufunga ule mfereji wa ndani unaopitisha maziwa kwa watoto, na dawa ikaruka tumbo kubwa, inapita haraka bila kufanya kazi yake yote. Weka ncha ya bomba pembeni mwa mdomo, ipite juu ya ulimi, kichwa kiwe sawa tu, usikiinue juu sana ataenda kupaliwa. Kwa albendazoli inasaidia pia kumnyima chakula usiku mmoja kabla, maji aendelee kunywa, ndio dawa ikae zaidi tumboni, lakini usimfanyie hivyo mgonjwa aliyelegea ama jike anayekaribia kuzaa.

Kitu kingine ambacho kinachanganya watu: jicho huwa linachelewa. Hata dawa ikifanya kazi vizuri na minyoo yote ife leo, damu inatengenezwa upya pole pole, rangi inarudi kwa wiki mbili hadi tatu, na mnyama asipopata chakula chenye protini inachukua muda zaidi. Kwa hivyo jicho jeupe siku ya kumi halikuambii dawa imekataa. Jicho linakuambia nani anahitaji dawa. Dawa kama inafanya kazi, hiyo unaulizia mayai.

Sasa tuulize mayai

Tulisubiri, tukarekebisha bomba, alafu mayai yalipopanda tena tukafanya jaribio lenyewe. Mbuzi 10 wenye hereni, kila mmoja sampuli yake. Sampuli inatoka ndani ya mkundu kwa kidole chenye glavu, usiokote chini, iliyo chini hujui ni ya nani na ni ya saa ngapi. Unageuza glavu, unafunga, unaandika namba, unaweka mahali baridi lakini isigande, kwa sababu kwenye joto mayai yanaanguliwa ndani ya siku moja na maabara hawataona kitu. Nakuru tuna maabara ya serikali ya uchunguzi wa mifugo, wanaohesabu mayai, na walio karibu na Njoro wana Egerton pale.

Kama kikundi chenu kina darubini na ile slaidi ya kuhesabia mayai inayoitwa McMaster mnaweza kuhesabu wenyewe, si ngumu. Gramu 2 za mavi unaponda kwenye mililita 28 za maji ya chumvi iliyokolea, yale ambayo umekoroga chumvi mpaka inakataa kuyeyuka inabaki chini. Unachuja na kichungi cha chai, unajaza vyumba viwili vya slaidi, unaacha dakika tano mayai yaelee, unahesabu yaliyo ndani ya mistari ya vyumba vyote viwili alafu zidisha kwa 50. Ukiona mayai 29 jumla, hiyo ni 1,450 kwa kila gramu. Usiache slaidi ikae saa nzima, chumvi inayaharibu mayai.

Mbuzi wangu 10 kabla ya dawa walikuwa na wastani wa 1,450. Wakapewa albendazoli, dozi sahihi, kilo zimepimwa, bomba limepimwa. Siku ya 14 tukachukua tena sampuli za walewale 10, wastani 680. Hesabu yake:

```
100 x (1 - 680/1450) = 53
```

Imepunguza asilimia 53 tu. Dawa inayofanya kazi inafaa kupunguza angalau 95. Hapo sasa ndio nilikuwa na haki ya kusema minyoo ya shamba langu imezoea albendazoli, na kosa si la duka wala la chupa, ni miaka ya kuwapa wote kila miezi mitatu, tena kwa dozi ya kukisia.

Kundi lingine la mbuzi 10 walipewa levamisoli. Walianza na wastani wa 1,520, wakashuka hadi 60, hiyo ni asilimia 96. Bado inashika, ingawa imesimama karibu sana na mpaka. Lakini sikilizeni, levamisoli usiipige mara mbili kama albendazoli, kwa mbuzi inapanda hadi mara moja na nusu ya dozi ya kondoo basi, ikizidi inakuwa sumu, anatetemeka, anatoka povu mdomoni, anaweza kufa. Hapo kupima kilo ni lazima.

Siku za kurudia sampuli nazo zina maana. Kwa levamisoli siku ya 7 inatosha, albendazoli na jamaa zake siku 10 hadi 14, ivermektini siku 14 na kidogo. Ukirudia siku ya tatu utadanganyika, kwa sababu dawa inaweza kumnyamazisha jike asitage kwa muda bila kumuua, unaona sifuri unafurahi, na wiki ijayo mayai yamerudi. Ukichelewa zaidi ya wiki tatu unahesabu minyoo mipya ya malishoni na unailaumu dawa bure.

Dalili ya pili: jicho jeupe lakini mayai hakuna ama ni machache

Hapa usikimbilie dawa ileile. Inaweza kuwa hemonkasi wachanga, wananyonya damu hata kabla ya kuanza kutaga, na mvua ikinyesha ghafla baada ya kiangazi mnyama anaweza kumeza viluwiluwi wengi kwa mara moja, akafa na mayai hayajaonekana. Ukiona wanyama kadhaa wamekuwa weupe kwa haraka wakati mmoja, fikiria hilo kwanza na uwatibu wale weupe.

Lakini kama uko chini huko, Ahero, Nyando, tambarare ya Kano, karibu na mashamba ya mpunga na maji yaliyosimama, fikiria minyoo ya ini. Ile mayai yake ni mazito, hayaelei kwenye maji ya chumvi, kwa hivyo maabara wakifanya kipimo cha kuelea peke yake watakuandikia sifuri na ini limejaa. Waambie wafanye kile cha kutuliza mashapo. Levamisoli haigusi minyoo ya ini kabisa. Jirani yetu mmoja aliyehamia huko alipoteza kondoo watatu hivyo, macho meupe, taya zimevimba, kila dalili ya hemonkasi, mpaka mmoja alipochinjwa ndio ini likaonekana.

Upande wa Busia na bonde la Lambwe kuna mbung'o, nagana nayo inamaliza damu. Kupe wengi pia, pamoja na ndigana baridi inayoletwa nao. Na kwa watoto wa mbuzi funua manyoya kwanza, viroboto na chawa peke yao wanaweza kumfanya mweupe. Ukimkuta na homa, hemonkasi kwa kawaida haileti homa, tafuta kitu kingine.

Dalili ya tatu: jicho jekundu lakini anaharisha ama anakonda

Kadi ya macho, ile ya rangi tunayolinganisha na jicho na nitaieleza hapa chini, inajua minyoo wanaonyonya damu tu. Kuna minyoo wengine wa utumbo wanaoleta kuharisha na kukonda bila kugusa damu, na mayai yao chini ya darubini yanafanana na ya hemonkasi, kwa macho huwezi kutenganisha, lazima maabara waangue viluwiluwi. Kama anayeharisha ni mtoto wa wiki tatu hadi miezi minne, waulize maabara kuhusu koksidia, hiyo si minyoo na dawa ya minyoo haiisaidii hata tone. Na kama wametoka tu kuachiwa majani mabichi ya mvua, ngoja siku mbili tatu uone kama tumbo litatulia.

Jicho pia linaweza kuwa jekundu kwa uongo, vumbi na ugonjwa wa macho vinalifanya jekundu hata kama damu imeisha. Ukiona machozi na usaha, usiliamini hilo jicho.

Dalili ya nne: mayai mengi, jicho jekundu, mwili mzuri

Huyu watu wanamharakishia dawa na mimi nakataa. Mnyama huyu anavumilia, na minyoo aliyonayo haijaonja dawa. Mayai yake yakianguka malishoni yanazaa minyoo dhaifu kwa dawa, hao wanachanganyika na wale sugu na kuwapunguzia nguvu. Ukiwapa dawa wote siku moja, walio hai tumboni ni sugu peke yao, na ukiwahamisha siku hiyohiyo kwenye nyasi safi umefanya vibaya zaidi, umeipanda nyasi mpya kwa mbegu sugu tupu. Tulifundishwa zamani "toa dawa uhamishe", na ni hiyo imetufikisha hapa.

Ila kondoo jike aliyezaa juzi mwangalie kwa karibu, karibu na kuzaa na wiki za kwanza za kunyonyesha kinga inashuka na mayai yanapanda sana, na watoto wake ndio watakula hizo nyasi.

Kusoma jicho vizuri, kwa sababu wengi wanasoma vibaya

Kadi inaitwa FAMACHA, ilitengenezwa Afrika Kusini, ina rangi tano kutoka nyekundu, 1, hadi nyeupe, 5. Somea kwenye jua, si ndani ya boma. Kidole gumba cha juu kinafunga kope la juu juu ya jicho, unabonyeza jicho kidogo, kidole gumba cha chini kinavuta kope la chini, utando unaruka nje wenyewe. Angalia ule utando, si ngozi ya ndani ya kope, na usikae ukitazama, ukiushikilia rangi inabadilika. Soma macho yote mawili, chukua lililo jeupe zaidi, na ukisita kati ya namba mbili chagua ile mbaya. Na tafadhali usitumie picha ya kadi kwenye simu, kila kioo kina rangi yake, wala kadi ya karatasi iliyopauka kwa jua, ifunge gizani ukimaliza.

Namba 4 na 5 wanapata dawa. Namba 1 na 2 wanaachwa. Namba 3 ndio inahitaji akili: mtoto, jike mwenye mimba ama anayenyonyesha, aliyekonda, mpe. Dume mnene wa 3 ngoja wiki mbili umsome tena. Lakini zaidi ya mmoja kati ya kumi wakiwa 4 na 5, basi wape na wa 3 wote. Wakati wa mvua soma kila wiki mbili, kumbuka ile hesabu ya wiki tatu, ukisoma kila mwezi utawakuta wameshakufa. Kiangazi mara moja kwa mwezi inatosha.

Tangu tuanze hivi, kwenye mvua ndefu iliyopita nilitoa dawa kwa mbuzi 6 kati ya 24 raundi ya kwanza, 4 raundi ya pili. Wengi ni walewale. Hii ni kawaida, minyoo mingi ya kundi hukaa kwa wanyama wachache.

Mnyama mpya

Beberu ama dume la Dorpa kutoka sokoni anaweza kukuletea minyoo sugu kwa dawa ambayo kwako bado inashika. Mfungie peke yake, mpe dawa za familia mbili tofauti siku moja, kila moja dozi yake kamili, usizichanganye kwenye chupa moja. Siku ya 14 hesabu mayai, yakiwa sifuri mtoe, na umtoe kwenye nyasi ambazo wengine wamekuwa wakila, si zile safi, ndio minyoo ya kwako iifunike ile michache aliyobaki nayo.

Namba 17 alipata levamisoli mara nne kwenye mvua moja, kila baada ya wiki nne amerudi kuwa 4. Binti yake wa kwanza ni vilevile, nimeona kwenye daftari. Wote wawili wanauzwa wa nyama siku za kusubiri zikiisha, na majike wa kubakisha ninawachagua kutoka kwa wale ambao safu yao ya dawa haina kitu.